Ukiletewa picha ya meseji za mtu mwingine

Mtu anakufuata mwaloni, dukani au nyumbani, ananyoosha mkono wenye simu na kusema, "Hebu nisomee hapa, halafu uniambie unaonaje." Kwenye kioo kuna skrinishoti, yaani picha ya kile kilichoonekana kwenye simu, iliyopigwa na simu hiyohiyo. Ndani yake wanazungumza watu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyepo hapo. Anayeletewa picha ya namna hii kwa kawaida ni mtu anayeaminika: katibu wa kikundi, mwalimu, fundi simu, wakala wa fedha, mjumbe wa serikali ya kijiji, au kijana wa ukoo anayesifika kuijua simu. Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo, awe Kabwe, Kirando au Namanyere, kwa sababu anaombwa kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na mara nyingi anapewa dakika mbili tu za kuifanya.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga mwenyewe, lakini kila kipande chake ni cha kawaida. Kikundi cha akina mama wanaonunua na kukausha dagaa kilimpa mtunza hazina wake Sh 480,000 tarehe 1 Septemba 2025, azitume kwenye duka moja la Sumbawanga kwa ajili ya chumvi na viroba. Wiki mbili zimepita na mzigo haujafika. Jioni ya tarehe 15, mwanachama mmoja anamrushia katibu skrinishoti ya WhatsApp. Juu kabisa pameandikwa "Shangazi". Chini yake kuna meseji tano. Ya kwanza inasema mtoto amepimwa zahanati, na inataja ugonjwa aliokutwa nao. Ya pili ni maneno ya muamala wa M-Pesa yaliyonakiliwa: kiasi, jina na namba ya aliyepokea, namba ya kumbukumbu, na salio lililobaki. Ya tatu inasema, "Ile hela nimeitumia kwanza, giza likianza nitairudisha." Kila mtu wa mwaloni anaelewa: zikija siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi watatoka na taa, na hela itaonekana. Katika meseji ya nne mpwa anajibu, na anamtaja jirani kwa jina kwamba naye anadaiwa. Ya tano imekatwa katikati. Mwanachama aliyeirusha anaamini Shangazi huyo ndiye mtunza hazina, na ameongeza maneno yake mwenyewe: "Katibu, soma. Mwizi wetu huyu hapa."

Kabla katibu hajasema lolote, ahesabu watu. Yupo shangazi, yupo mpwa, yupo mtoto mgonjwa, yupo aliyepokea hela, na yupo jirani mwenye deni. Watu watano wamo ndani ya picha moja, na huenda hakuna aliyeulizwa kama anakubali kusomwa. Hata kama shangazi amekula hela ya kikundi, mtoto hajala kitu, wala jirani. Wakati wa hasira jambo hili husahaulika upesi. Mtu huiona skrinishoti kama habari ya mtuhumiwa peke yake, kumbe imebeba siri za kila aliyepita kwenye mazungumzo hayo.

Je, kuna sheria inayohusika? Ipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi ni habari yoyote inayomtambulisha mtu: jina, namba ya simu, sura, akaunti. Kuchakata taarifa ni karibu kila unachoweza kuzifanyia: kuzikusanya, kuzitunza, kuzitumia, kuzitoa kwa wengine. Tena kuna kundi linaloitwa taarifa nyeti, linalohitaji uangalifu wa ziada, na humo zimo habari za afya, miamala ya fedha na habari za watoto. Tazama tena ile picha ya katibu: meseji mbili za mwanzo zina vyote vitatu.

Sheria hiyo inawakabili hasa wanaokusanya na kuchakata taarifa kwa shughuli fulani, kwa hiyo kikundi chenye daftari la wanachama na mikopo yao kiko karibu nayo kuliko jirani aliyeonyeshwa picha barazani. Kwa mtu binafsi, adhabu ya kutoa taarifa isivyo halali ni faini kati ya Sh 100,000 na Sh 20,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Lakini kanuni zake zinamfaa hata asiye na daftari, na kwa lugha ya nyumbani zinasema hivi: uwe na sababu halali na ya wazi ya kuishika taarifa, ushike kiasi kinachohitajika tu, uhakikishe ni sahihi, uilinde, na usikae nayo baada ya kazi kwisha. Kazi yote ya katibu wetu imo humo.

Swali la kwanza analopaswa kumuuliza mwanachama ni hili: picha imepatikanaje? Majibu hayalingani uzito. Kama mpwa mwenyewe alipiga skrinishoti na kuitoa kwa hiari yake, ametoa mazungumzo ambayo nusu yake ni yake. Bado nusu ya pili si yake, lakini hakuiba. Ila kama simu ya mpwa iliachwa kwenye kibanda cha kuchajia, mtu akaifungua, akapekua na kupiga picha, hapo tuko mahali pengine kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwa makusudi na bila haki kwenye mfumo wa kompyuta, na simu ya kisasa ni kompyuta. Faini yake haipungui shilingi milioni tatu au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja. Kuwa mume, mke, dada au mwenye kibanda hakukupi ruhusa ya kufungua simu ya mtu.

Picha ikiwa imetokana na upekuzi, katibu afanye nini? Ushauri wangu ni kwamba asiichambue. Aseme waziwazi, "Ndugu yangu, malalamiko yako nimeyasikia na nitayafuatilia, lakini picha hii siisomi na naomba usimrushie mtu mwingine." Malalamiko yenyewe hayafi kwa sababu picha imekataliwa. Hela ya kikundi ina njia nyingine za kuulizwa, tena nzuri zaidi, na tutafika huko.

Tuseme mpwa alitoa mwenyewe. Sasa katibu anaweza kuangalia, ila kwanza aandike kwenye karatasi swali moja analotaka kulijibu. Hapa swali ni: je, Sh 480,000 zilitumwa kwenye duka la Sumbawanga, na kama hazikutumwa ziko wapi? Swali likishaandikwa, linamwonyesha macho yapite wapi. Meseji ya ugonjwa wa mtoto haihusiki. Salio lililobaki halihusiki. Deni la jirani halihusiki. Meseji ya pili, yaani kiasi na jina la aliyepokea, inahusika, na ya tatu inaweza kuhusika. Ukikuta huwezi kuandika swali, na anayekuletea picha anataka tu "uone mambo", rudisha simu.

Kama ni lazima picha ionwe na mtu wa pili, mwenyekiti kwa mfano, usimtumie nzima. Kata na funika. Kwenye simu nyingi unaifungua picha, unabonyeza alama ya kalamu au neno "Edit", kisha unakata juu na chini mpaka ibaki sehemu inayohusika. Namba za simu, majina ya wengine na salio unayafunika kwa umbo lililojaa rangi moja, jeusi tupu. Kazi hii haikugharimu hata senti wala bando. Hapa watu hukosea kwa namna inayojirudia: wanachagua ile kalamu ya kung'arishia maneno, wanapitisha mara mbili juu ya namba, na kwenye kioo inaonekana nyeusi. Lakini wino wa kalamu hiyo unapitisha mwanga. Anayepokea akiongeza mng'ao wa picha, namba inarudi kama haikuguswa. Kutia ukungu nako si salama sana, hasa kwa tarakimu, maana ni kumi tu na anayetaka kukisia ana pa kuanzia. Tumia umbo, si kalamu.

Hata kukata kumewahi kusaliti watu. Mwezi Machi 2023 iligundulika kwamba simu za Pixel za kampuni ya Google zilikuwa na kasoro: mtu alikata skrinishoti kwa programu ya simu yenyewe, lakini sehemu iliyokatwa ilibaki ndani ya faili, na mjuzi aliweza kuirudisha. Kasoro ilirekebishwa, ila picha zilizokwisha kutumwa hazikuwa na wa kuzirekebisha. Kinga yake ni rahisi. Ukishakata na kufunika, ifungue picha hiyo mpya ijae kioo, uipige skrinishoti nyingine, kisha utume hiyo ya pili. Itakuwa na kile tu kinachoonekana, hakuna kilichojificha chini.

Vipi kuhusu meseji za lugha usiyoijua? Kabwe inatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, na mfanyabiashara anaweza kuletewa mazungumzo yenye mistari ya Kifaransa. Kishawishi ni kuiingiza picha yote kwenye programu ya kutafsiri. Ukifanya hivyo umeituma picha nje ya simu yako, na majina na namba zote zilizomo. Andika kwa mkono ule mstari mmoja unaouhitaji, bila jina wala namba, utafsiri huo. Ukitumia mtu badala ya programu, msomee mstari huohuo, usimkabidhi simu.

Tufike kwenye kusoma kwenyewe, maana hapa ndipo haki ya mtu huharibika bila mtu kukusudia ubaya. Skrinishoti inaonyesha kilichokuwa kwenye kioo cha simu fulani kwa dakika fulani. Haionyeshi nani aliandika. Jina lililo juu, "Shangazi", ni jina ambalo mwenye simu alilisevu. Mpwa anaweza kuwa na shangazi watatu. Anaweza hata kuwa amemsevu mama mwenye duka kwa jina la heshima hilo. Na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchukua namba yoyote, akaisevu kwa jina la mtunza hazina, akajiandikia kwa simu mbili maneno anayoyataka, akapiga picha. Haihitaji ufundi wowote. Zipo pia programu zinazotengeneza mazungumzo bandia yanayofanana kabisa na ya kweli. Kwa hiyo usimtamkie mtu, "Ni yeye huyu." Unachoweza kusema ni, "Kwenye simu iliyopiga picha hii, namba iliyoseviwa Shangazi inaonekana imeandika maneno haya."

Siku nazo zina mtego wake. Kwenye WhatsApp, meseji za karibuni huwekewa neno "Today" au "Yesterday" badala ya tarehe, na maana yake ni leo au jana ya siku picha ilipopigwa, si ya siku unayoisoma. Picha ya mwezi uliopita bado itasema "Today". Jina la faili nalo husomwa vibaya. Simu nyingi zikipiga skrinishoti huipa jina lenye tarehe na saa ya kupigwa, kama hili:

```
Screenshot_20250908-194210.png
```

Lakini picha hiyo ikipokewa kupitia WhatsApp ya Android hupewa jina jipya:

```
IMG-20250915-WA0007.jpg
```

Tarehe ya hili la pili ni ya siku ilipopokewa. Katibu akiangalia simu yake na kusema, "Ameandika tarehe 15," amekosea kwa wiki nzima, na ndani ya wiki hiyo hela ingeweza kutumwa, kurudishwa na kutumwa tena.

Angalia pia kinachokosekana. Meseji ya tano imekatwa. Je, ilisema nini? Mbele ya "ile hela" kulikuwa na mazungumzo gani? WhatsApp humruhusu mwandishi kubadilisha meseji ndani ya dakika 15, na iliyobadilishwa huandikwa "Edited" kando ya saa, lakini picha haikuambii maneno ya mwanzo yalikuwa yapi. Ule muamala wa M-Pesa nao, kwa kuwa uko ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, ni maneno yaliyonakiliwa, na maneno ya kunakili yanaweza kuguswa. Meseji ya kweli ya muamala hukaa kwenye sanduku la meseji za kawaida la mwenye laini, na namba yake ya kumbukumbu inaweza kuhakikiwa na kampuni ya simu kwa ombi la mwenye laini mwenyewe, au la vyombo vya sheria kwa utaratibu wao. Wewe usipige simu huduma kwa wateja ukijifanya yeye. Wala usiombe wakala "akuchungulie".

Kwa hiyo katibu afanye nini na picha aliyokwisha kuisoma kwa uangalifu wote huo? Amwendee mtunza hazina, peke yake, mapema, kabla ya kikao. Ni hatua inayorukwa kuliko zote, kwa woga au kwa hasira. Aende nyumbani kwake au watoke kando ya vichanja, mahali wasiposikika, aanze na salamu, kisha aseme jambo. "Mama, kuna swali la kikundi nataka nikuulize wewe kabla ya mtu mwingine. Ile laki nne na themanini ya Sumbawanga ilikwenda lini? Naomba unionyeshe ule muamala." Baada ya hapo amwambie pia kwamba picha ipo: "Nimeletewa picha ya meseji inayosemekana ni yako. Nimeisoma mimi, sijamrushia mtu. Nataka uione ukiwa na mimi." Kumficha kwamba picha ipo ni kumtega, na mtu akigundua ametegwa hutetea heshima yake badala ya kujibu swali.

Tuseme anafungua simu yake, anaonyesha muamala wa tarehe 2 Septemba kwenda dukani, na anaeleza kwamba "ile hela" ilikuwa mchango wa harusi ya mpwa. Katibu anapiga simu dukani mbele yake, mwenye duka anakubali kupokea, anasema mzigo umekwama. Swali limejibiwa. Meseji ya mtoto haikuhitajika, wala picha yenyewe haikuhitajika.

Tuseme ni kinyume. Anainamisha uso, anasema ni kweli, mtoto aliumwa, alizitumia. Bado picha haihitajiki. Kinachohitajika ni kukiri kwake mbele ya viongozi wawili, maandishi ya kiasi na tarehe ya kurudisha, sahihi yake na ya mashahidi, kisha taarifa kwa wanachama kwamba Sh 480,000 hazijatumwa na zitarejeshwa siku fulani. Wanachama wana haki kamili ya kujua habari za hela yao. Hawana haki ya kujua mtoto anaumwa nini. Kama hakubali kulipa, kikundi kinachukua katiba yake, daftari na kumbukumbu za kumkabidhi hela, kinakwenda kwa mtendaji wa kata au polisi. Daftari lenye sahihi yake ya kupokea lina nguvu kuliko picha ya "Shangazi".

Je, picha inaweza kupokewa mahakamani? Inaweza, ila haipokewi kwa kuonyeshwa tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, na mahakama inapoupima hutazama ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa, kama haukuharibiwa njiani, na aliyeutoa alitambuliwaje. Skrinishoti iliyopita kwenye simu sita kabla ya kufika kwako itapata shida kwenye kila kimoja. Kama jambo ni zito na unadhani litafika huko, usikate wala kufunika ile ya asili. Mwambie mwenye simu iliyopiga picha aihifadhi simu na mazungumzo yenyewe, asifute, na aipeleke polisi mwenyewe. Nakala iliyofunikwa ni ya kuonyeshana, ya asili ni ya vyombo vya sheria.

Kazi ikiisha, iondoe kwako. Watu wengi hufuta kwenye mazungumzo na kuamini imekwisha, kumbe imebaki mahali pengine pawili. WhatsApp huweza kuweka nakala kwenye galari ya simu, ambako mtoto anayechezea simu yako ataikuta. Futa na huko. Kisha kama unatumia Google Photos, picha iliyofutwa hukaa kwenye kapu la takataka: siku 60 kama ilikuwa imenakiliwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni, siku 30 kama haikunakiliwa. Ingia kwenye "Trash" uifute hapo pia. Anayeletewa picha za watu mara kwa mara, kama fundi au katibu, afungue WhatsApp, aingie "Settings", kisha "Chats", azime "Media visibility", na picha mpya hazitaingia galari. Kumbukumbu za kikao ziandike swali lililoulizwa, jibu lililopatikana na uamuzi. Zisibandikwe picha.

Na kama imeshasambaa? Aliyeirusha bado anaweza kuifuta kwa wote kwa muda wa takriban siku mbili na nusu tangu aitume, kwa kushikilia meseji na kuchagua "Delete for everyone". Mwombe afanye hivyo mara moja, na msimamizi wa kundi anaweza kuiondoa ya mwanachama yeyote. Haitawafikia waliokwisha kuihifadhi, lakini inapunguza. Mwenye meseji naye apige picha ya mahali iliposambazwa, ionekane jina la kundi, namba ya aliyeirusha na saa, kisha aende kituo cha polisi. Kutoa taarifa polisi hakulipiwi. Kama meseji zinatumiwa kumtisha au kumnyanyasa, Sheria ya Makosa ya Mtandao, kifungu cha 23, inahusika, na aseme hivyo anapoandikisha. Kama taarifa zake zimetolewa na taasisi, kampuni ya mikopo, shule au kikundi kilichozikusanya, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024, kupitia tovuti yake, www.pdpc.go.tz. Asiyejua kuandika malalamiko amtafute msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasio na uwezo huhudumiwa bila malipo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, pale Namanyere, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia.

Usidhani vyombo hivi ni vya jina tu. Kwa jirani zetu Kenya, Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya Sh 2,975,000 za Kenya, kwa sababu ilitumia majina na namba za watu ilizopewa na watu wengine, ikawatumia meseji za vitisho. Waliolalamika ni watu wa aina ya yule jirani wa meseji ya nne.

Kuna picha za aina mbili ambazo utaratibu huu wote hauzihusu. Ukiletewa picha za utupu za mtu mzima, usizihifadhi, usizifunike, usimwonyeshe mwenyekiti. Mwambie aliyezileta azipeleke polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au amjulishe mwenyewe aliyepigwa aende huko. Na kama meseji zinaonyesha mtoto anatongozwa, anatishwa au anadhulumiwa, usikae kuchambua nani kaandika na siku gani. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, na mwone ofisa ustawi wa jamii au polisi siku hiyohiyo. Simu yenye mazungumzo ibaki kama ilivyo mpaka wao waione, na jina la mtoto lisitajwe kwa mtu mwingine yeyote.